Akaunti B imesoma ankara ya akaunti A mara 3 kati ya 20. Ni tundu la ruhusa, au kipimo changu ndicho kibovu?

Mtambuzi77 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu jana, na ripoti natakiwa kuikabidhi keshokutwa.

Napima API ya mfumo wa ankara kwenye mazingira ya majaribio, kwa ruhusa ya maandishi ya wenye mfumo. Nimepewa akaunti mbili za daraja la chini kabisa: mtumiaji wa kawaida anayetengeneza na kusoma ankara za shirika lake tu. A yuko shirika 901, B yuko shirika 902, hawahusiani kwa lolote. Nikaingia kama A nikatengeneza ankara, ikapewa namba 48213. Nikaingia kama B nikatengeneza nyingine, ikapewa 48214. Kwenye sehemu ya maelezo niliandika maneno yasiyoweza kutokea kwa bahati: "ALAMA-A-mbuni" kwa ya kwanza, "ALAMA-B-kasa" kwa ya pili.

Halafu, nikiwa B, nikaomba 48213. Jibu likaja 200, na ndani yake "ALAMA-A-mbuni" inanitazama. Nikarudia ili nipige picha ya skrini, ikaja 404. Nikarudia tena, 404. Nikaamua kutuma mara 20 na kuhesabu: 200 zilikuwa 3, na 404 zilikuwa 17.

Msanidi wao ananiambia ni proksi yangu inayochanganya mambo. Sina hakika kwamba amekosea. Mnalionaje hili?

Nguchiro

Mkuu, jaribu kwanza kupata akaunti ya admini. Ukishakuwa admini utasoma ankara zote na ushahidi wako utakuwa mzito zaidi. Neno la siri la admini huwa jepesi kwenye mazingira ya majaribio.

Bibi_Logi

Nguchiro, hapo umelisoma swali upande. Admini akisoma ankara ya A hajavunja chochote, pengine ndiyo kazi yake. Thamani ya kutumia akaunti mbili za chini zilizo sawa ni kwamba hakuna cheo cha kujificha nyuma yake. B akisoma cha A, hakuna sheria ya mfumo inayoweza kumtetea. Na neno la siri la admini halimo kwenye ruhusa aliyopewa, kwa hiyo asiliguse.

Mtambuzi77, kazi ya zile alama umeifanya vizuri. Wengi huona 200 wakashangilia, kumbe seva imepuuza namba waliyoweka na kuwarudishia data yao wenyewe. Wewe umeiona alama ya A kwa macho. Lakini kabla hatujaenda mbali, tuonyeshe ombi lenyewe lilivyoondoka, lote, tokeni tu ndiyo uifiche.

jicho_kali

Tatizo ni kutumia namba zinazofuatana. 48213, 48214, mtoto mdogo anaweza kukisia. Waambie wahamie UUID, hili suala linakwisha siku hiyohiyo.

Mtambuzi77

Bibi_Logi, hili hapa:

```
GET /v1/ankara/48213 HTTP/1.1
Host: api.mfano.test
Authorization: Bearer <tokeni ya B>
Cookie: sid=<imefichwa>
Accept: application/json
```

FundiProksi

Simama hapo hapo. Hiyo kuki ni ya nani?

Mtambuzi77

Nimeikagua sasa hivi. Ni ya A. Niliingia kama A kwenye kivinjari hichohicho, nikatoka, nikaingia kama B. Kuki ya zamani ikabaki kwenye ombi nililokuwa nalirudia.

FundiProksi

Basi msanidi ana haki ya kulalamika. Ombi lako lina watu wawili ndani yake: tokeni inasema B, kuki inasema A. Mifumo mingi inakubali njia zote mbili, kuki kwa ajili ya tovuti na tokeni kwa ajili ya simu, na huwezi kujua ipi inasomwa kwanza. Ikiwa imesoma kuki, basi aliyesoma ankara ya A ni A mwenyewe. Nimeshaandika ripoti ya namna hii, ikarudishwa na neno moja tu: "haipo". Tangu siku hiyo kila akaunti naifungulia wasifu wake wa kivinjari, kamwe sitoki na kuingia palepale.

Bibi_Logi

FundiProksi kasema sawa kuhusu kuki, lakini hajaeleza zile 17. Kama kuki ndiyo ingeshinda, zingekuja 200 mara 20. Kama tokeni ndiyo ingeshinda, zingekuja 404 mara 20. 3 kwa 17 ni mnyama mwingine.

Mtambuzi77, ondoka kwenye proksi kabisa. Tuma kwa curl, tokeni peke yake, hakuna kuki:

```
curl -i -H "Authorization: Bearer $TOKENI_B" \
  https://api.mfano.test/v1/ankara/48213
```

Na usitume hilo tu. Tuma matano kwa mpangilio: A aombe chake, B aombe chake, B aombe cha A, B aombe namba ambayo haipo kabisa, na la mwisho ombi la cha A lisilo na tokeni. Mawili ya kwanza yakishindwa, tokeni zako ni mbovu, na 404 unazoziona hazina maana yoyote. Lile lisilo na tokeni likirudisha ankara, basi tatizo lako ni kubwa kuliko A na B: hiyo njia iko wazi kwa dunia nzima.

jicho_kali, nitakurudia.

kimya_kingi

Nafuatilia.

Mtambuzi77

Nimerudi. Curl, hakuna kuki, tokeni mpya kwa wote wawili.

A kwa chake, 200. B kwa chake, 200. Namba isiyokuwepo, 404. Bila tokeni, 401. B kwa cha A nimeanza nalo, kabla A hajaomba chake, mara 30: 404 mara 29, na 200 mara moja, na alama ya mbuni imo ndani.

Kwa hiyo kuki ilikuwa kosa langu la kweli na ushahidi wa jana nimeufuta wote. Lakini kitu bado kipo.

Msasi_wa_Tundu

Hiyo ni kashe, sina shaka. Mbele ya API wameweka seva ya kuhifadhi majibu. A anaomba, jibu linahifadhiwa kwa anwani ile. B anaomba anwani ileile, anapewa jibu la A bila ombi kufika kwenye programu. Muda wa hifadhi ukiisha, 404. Angalia kichwa `Age` kwenye lile jibu la 200.

Bibi_Logi

Yawezekana, Msasi, ila kwa kanuni za HTTP hifadhi ya pamoja hairuhusiwi kutumia tena jibu la ombi lenye `Authorization` mpaka jibu lenyewe liruhusu, kwa mfano kwa kuandika `public` au `s-maxage`. Kuna watu huweka mipangilio ya kupuuza hilo, na wakifanya hivyo balaa hutokea. Linapimika kirahisi: A afungue ankara, B aombe papo hapo na kitu cha ziada mwishoni mwa anwani, kama `?x=1`, kisha `?x=2`. Anwani ikibadilika, hifadhi ya mbele kwa kawaida haina jibu la kumpa.

Mtambuzi77

Jibu la 200 halina `Age`. Limeandikwa `Cache-Control: private, no-store`. Na nimefanya hilo la `?x=`: A kafungua, B katuma mara 10, kila moja na namba yake mwishoni. 200 zilikuja 4.

Nne kati ya kumi, baada tu ya A kufungua. Jana na leo asubuhi A alikuwa hajafungua muda mrefu, na 200 zilikuwa chache sana.

Mwana_Databezi

Mimi ni msanidi, sipimi usalama, lakini hii harufu naijua. Kashe ipo, ila haiko mbele, iko ndani ya programu. Kodi yenyewe huwa hivi:

```python
ankara = kashe.get("ankara:" + id)
if ankara is None:
    ankara = db.tafuta(id=id, shirika=mtumiaji.shirika)
    if ankara:
        kashe.set("ankara:" + id, ankara)
return ankara
```

Iangalieni polepole. Ukaguzi wa shirika upo, na uko mahali pazuri, ndani ya swali la databezi. Lakini unafanyika tu kashe ikiwa tupu. A akishaifungua, ankara inakaa kwenye kumbukumbu kwa jina la "ankara:48213", jina lisilosema ni ya shirika gani, na anayekuja baada yake anapewa bila kuulizwa. Na kama programu inaendeshwa kwenye seva kadhaa, kila moja na kumbukumbu yake, B atafanikiwa pale tu ombi lake likiangukia seva ileile iliyomhudumia A. Ndiyo maana ni 4 kati ya 10 na si 10 kati ya 10.

Kodi hii inapita kwenye ukaguzi wa wenzako kwa sababu mstari wa ruhusa unaonekana kwa macho. Mtu anauona, anatikisa kichwa, anapitisha.

jicho_kali

Mwana_Databezi, hiyo ni nzito, heshima kwako. Lakini bado nasema: kama ingekuwa UUID, B angeipata wapi hiyo namba?

Bibi_Logi

Nilisema nitakurudia. UUID inafanya kukisia kuwe kugumu, hapo uko sahihi, na si jambo dogo. Ila ruhusa hapo hakuna. Kitambulisho husafiri: kinatumwa kwenye kiungo cha barua pepe, kinaandikwa kwenye logi, kinatokea kwenye orodha ya njia nyingine ambayo B anaruhusiwa kuiona, kinabaki kwa mfanyakazi aliyehama shirika. Hata RFC 9562 ya mwaka 2024, hati inayoeleza UUID zenyewe, inasema usidhani ni ngumu kukisia na usizitumie kama ufunguo wa kuingilia. Ndiyo maana kwenye kipimo hiki hatukisii chochote. Namba ya A tunaijua kwa kuwa A ni sisi. Tunauliza swali moja: B akiwa nayo mkononi, seva itamzuia?

Na faida nyingine ya njia hii ni kwamba hakuna data ya mtu wa kweli inayoguswa. Ukianza kupanda 48215, 48216, umeshatoka kwenye kupima.

Daraja_Mbili

Samahani kuingilia. Mimi hutumia Autorize ndani ya Burp Suite. Natembea kwenye mfumo kama A, yenyewe inarudia kila ombi kwa tokeni ya B, nikiona "Enforced!" ya kijani kwenye mstari wote naandika kwamba ruhusa ziko sawa. Mtambuzi77 angeokoa muda wake.

Bibi_Logi

Ni chombo kizuri, nakitumia. Lakini kila ombi inalirudia mara moja. Kwa huyu bwana mara moja ingetoa 404 karibu kila wakati, na wewe ungeandika kijani. Hapo kijani ina maana kwamba safari hii moja mlango ulikuwa umefungwa, zaidi ya hapo haikuahidi kitu.

Mwana_Databezi

Niongezee la kwetu, maana linamhusu Daraja_Mbili. Kazini tulikuwa na njia yenye vitambulisho viwili, shirika na ankara, kimoja ndani ya kingine. Mpimaji wa kwanza alirudia maombi ya A kwa tokeni ya B, yote yakakataliwa, tukapewa cheti kizuri. Mpimaji wa pili akachanganya: akaweka shirika lake mwenyewe na ankara ya jirani. Ikafunguka. Kodi ilikuwa inauliza "je, huyu ni wa shirika hili?", jibu ndiyo, kisha inakwenda kuchukua ankara kwa namba yake peke yake. Hakuna aliyeuliza kama ankara ile ni ya shirika lile.

Ombi la A likirudiwa lilivyo, linabeba shirika la A, na mlango wa kwanza unalizuia kabla ya mlango wa pili kupimwa. Vitambulisho vikiwa viwili lazima kila kimoja kibadilishwe kivyake. Mtambuzi77, mfumo wako una njia ya namna hiyo?

Mtambuzi77

Ipo. Ule ukurasa wa shirika unaitumia. Nipe dakika chache.

Mtambuzi77

```
GET /v1/mashirika/902/ankara/48213
Authorization: Bearer <tokeni ya B>
```

200 mara 10 kati ya 10. ALAMA-A-mbuni kila mara. Kwa curl, bila kuki, na A hajafungua chochote tangu jana jioni.

Shirika 901 na ankara 48213 kwa tokeni ya B inatoa 403, kama alivyosema.

Siku mbili nimepigana na kile kinachotokea mara moja moja, kumbe hiki kilikuwa kando yake kimesimama wazi.

Msasi_wa_Tundu

Hongera mkuu. Sasa jaribu kuandika pia, usiishie kusoma. Mara nyingi GET imefungwa na PATCH iko wazi.

Pwani_Tulivu

Kwenye kuandika angalieni kitu kimoja. Niliwahi kutuma DELETE kama B, nikajibiwa 403, nikasema safi. Baadaye naingia kama A, ankara haipo. Ilikuwa inafuta kwanza, halafu wakati wa kutengeneza jibu ndipo inagundua kwamba huyu haruhusiwi kuliona. Tangu hapo namba ya jibu siiamini peke yake. Namuuliza A: chako kipo, na kiko kama ulivyokiacha?

Tengeneza ankara mpya ya A kwa kila jaribio la kuandika, vinginevyo utafuta ushahidi wako mwenyewe.

Mtambuzi77

Nimetengeneza 48260 kwa ajili hiyo. PATCH ya B kupitia shirika 902, nikibadilisha maelezo: 404. Nimeingia kama A: maelezo hayajabadilika. DELETE vivyo hivyo, 404, na ankara ipo. Kwa hiyo kusoma kuko wazi, kuandika kumefungwa.

FundiProksi

Sasa ndugu zangu, mmeshakubali kwamba ile ya kwanza ni kashe ya ndani. Mimi bado. Mtambuzi77, ulisema asubuhi ile ya kwanza, katika 30 zako za curl, 200 ilikuja mara moja na A hajafungua muda mrefu. Nani aliijaza hiyo kashe? Mimi naona kuna seva moja iliyobaki na toleo la zamani la programu, isiyo na ukaguzi kabisa. Maombi yanagawanywa, na mara moja moja unaiangukia.

Mwana_Databezi

Kama ni seva ya toleo la zamani, uwiano ungekuwa uleule wakati wote, A afungue asifungue. Yeye kapata 4 kati ya 10 baada ya A kufungua, na 1 kati ya 30 kabla yake. Pengo hilo unalielezaje?

FundiProksi

Kumi ni kidogo mno kukiapia. Na nani kasema mgawanyo wa maombi ni wa zamu? Unaweza kukung'ang'aniza kwenye seva moja kwa dakika kadhaa.

Bibi_Logi

Hapo FundiProksi ana hoja, sampuli ni ndogo. Ila pia A hahitaji kufungua kwa mkono ili kashe ijae. Kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma vikumbusho au kutengeneza PDF, husoma ankara kwa niaba ya mwenye nayo.

Kipimo cha kutenganisha haya mawili: A atengeneze ankara mpya, asiifungue, na B aiombe mara 200 kwa mwendo wa polepole. Kisha A aifungue mara moja, na B arudie mara 200. Idadi zikikaribiana, toleo la zamani. Zikitofautiana sana, kashe. Ila chunga: kuna mifumo inayoweka kitu kwenye kashe wakati wa kukitengeneza.

jicho_kali

Kwa nini isiwe kimoja tu? Wakirekebisha ile ya mashirika na hii si itakufa nayo?

Mwana_Databezi

Haitakufa. Ile ya mashirika inatibiwa kwa kuweka shirika ndani ya swali la databezi. Kwenye hii, kwa makisio yangu, shirika tayari limo kwenye swali. Kinachokosekana ni jina la kashe kubeba shirika, au ukaguzi ufanyike baada ya ankara kupatikana, itoke kashe au databezi. Na zaidi ya hapo: ile njia ya mashirika ikitumia kashe hiyohiyo, basi B mwenyewe anaweza kuijaza.

Nguchiro

Nimejifunza. Swali: akaunti hizi mbili zikiwa shirika moja kipimo kinafanya kazi?

Bibi_Logi

Kinafanya, ila kinajibu swali jingine. Ndani ya shirika moja inabidi kwanza uwaulize wenye mfumo kama wenzio wanaruhusiwa kuona ankara zako, maana mara nyingi wanaruhusiwa. Ukikosa kuuliza, utaripoti kazi halali ya mfumo. Nikiweza, naomba akaunti tatu: mbili shirika moja, ya tatu nje.

Mtambuzi77

Ahsanteni sana wote. Nilipofikia: njia ya mashirika nimeiandika kama kosa kamili, na maombi mawili ya kulinganisha, 901 na 902, ili msanidi aone tofauti ni namba moja tu kwenye anwani. Ameshajaribu mwenyewe na amekubali.

Ile ya mara moja moja nimeiandika kando kama kosa la pili. Kila jibu la 200 lilikuja na `X-Request-Id`, nimewapa zote pamoja na saa zake, wao watafute kwenye logi ni seva ipi ilijibu. Zile 200 kwa 200 naanza usiku huu.

FundiProksi

Anza na ankara mpya, na usisahau kuandika muda wa kila ombi. Matokeo yaweke hapa yote, hata kama yananikana.